Chewa wa Feri alitoka na tumbo mdomoni. Je, samaki wa kilindini huishije chini ya mgandamizo ule?

#1 Kijana wa Magogoni
Wakuu, habari za jioni. Juzi alfajiri nilikuwa Soko la Feri wakati mashua zinashusha, nikaona chewa mkubwa ambaye tumbo lake lilikuwa limetokeza mdomoni kama puto na macho yamemtoka. Muuzaji akaniambia kwamba alivutwa kwa mshipi kutoka mbali sana chini, na kwamba "bahari ndiyo iliyompasua." Tangu siku hiyo nina swali ambalo halinipi usingizi. Ikiwa chewa wa mita tisini au mia moja anaharibika namna ile, wale samaki wanaosemekana kuishi mita 8,000 chini wamejengwaje? Je, wana mwili mgumu kama nyambizi? Na katika giza lile hula nini, na huonaje?

#2 Mtafiti wa Mtaani
Jibu ni rahisi, ndugu. Kadiri unavyoshuka, mgandamizo huongezeka, kwa hiyo samaki wa huko wana mifupa mizito na magamba magumu ya kuuzuia usiwaponde. Ni kanuni ileile ya nyambizi, ambayo ukuta wake huwa mnene zaidi inapokusudiwa kwenda chini zaidi.

#3 Bahari Kuu
Mtafiti, umepatia nusu ya kwanza, ila ya pili ni kinyume kabisa. Ni kweli kwamba kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, hivyo mita 8,000 ni takriban mara 800. Lakini samaki wanaoishi huko ni laini mno: hawana magamba, ngozi yao ni nyembamba na yenye utelezi, na sehemu ya fuvu lao haijafunga vizuri. Nyambizi inahitaji ukuta mnene kwa sababu ndani yake kuna hewa inayotaka kubaki na mgandamizo wa nchi kavu. Samaki yule hana kitu cha kukilinda namna hiyo. Ndani yake kuna maji, nje yake kuna maji, na mgandamizo ni uleule pande zote mbili. Maji yenyewe hayabonyei kirahisi. Hata kwenye sakafu ya Mfereji wa Mariana, karibu mita 11,000, hupungua ujazo kwa takriban asilimia tano tu.

Chewa wako hakupasuliwa na bahari. Alipasuliwa na hewa yake mwenyewe. Ana kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea, na kwenye mita 90 hewa hiyo imebanwa mara kumi. Alipovutwa haraka hadi juu, hewa ileile ilitanuka mara kumi ndani ya tumbo lake, ikasukuma mfuko wa chakula ukatoka mdomoni. Na si kwamba balaa lote lilitokea kule chini. Kutoka mita 90 hadi 40 hewa hutanuka mara mbili tu, ilhali mita 10 za mwisho peke yake huitanua mara mbili nyingine. Ndiyo maana mvuvi humwona samaki anavimba mbele ya macho yake karibu kabisa na mashua.

#4 Fundi wa Kamera za Kilindini
Naomba niongezee nilichokiona kwa macho yangu. Niliwahi kufanya kazi kwenye meli ya kuchimba gesi kusini, nje ya pwani ya Mtwara, mahali penye kina cha zaidi ya mita 2,000. Tulikuwa na chombo kisicho na mtu ndani, chenye kamera na mikono ya chuma, tulichokishusha hadi sakafuni. Vijana walizoea kufunga nje yake vikombe vya kahawa vya povu jepesi jeupe, lile linalotumika kufungia televisheni zisivunjike. Kikombe kikirudi kimekuwa kidogo kama kikombe cha kuchezea watoto, na umbo lake limebaki lilelile. Chupa laini ya plastiki iliyojazwa maji hadi juu, bila pengo la hewa, hurudi kama ilivyoenda. Kabla ya kuona hivyo vitu viwili pamoja, nami niliamini habari ya mifupa migumu.

#5 Mtafiti wa Mtaani
Nimekubali kusahihishwa, Bahari Kuu. Basi niseme hivi: samaki wote wa kilindini hawana kibofu cha hewa, na hapo kitendawili kimekwisha.

#6 Bahari Kuu
Bado hakijaisha, Mtafiti, nawe una haraka ya kufunga mlango. Wako samaki wenye mikia mirefu kama ya panya wanaoishi kwenye kilomita nne na zaidi huku wakiwa na kibofu chenye gesi, waliyoisukuma humo kwa mtandao wa mishipa midogo sana ya damu dhidi ya mgandamizo wa mara 400. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, kwa hiyo wengi wameiacha na kutumia mafuta au nyama yenye majimaji. Papa naye hana kibofu. Huelea kwa mafuta ya ini, ambayo wazee wetu wa pwani waliyaita sifa na kuyapaka mashua zisioze.

Isitoshe, hata usipokuwa na hewa yoyote mwilini, tatizo lenyewe hasa lingali pale. Linatokea ndani ya seli. Protini hufanya kazi kwa kujikunja, kujikunjua na kushikana, na mara nyingi kitendo hicho huhitaji nafasi kidogo zaidi kwa muda mfupi. Mgandamizo huikatalia protini nafasi hiyo. Vivyo hivyo mafuta yaliyo kwenye utando wa seli hubanwa yakawa mazito. Mfikirie mama aliyebeba mafuta ya nazi kutoka Dar kwenda Lushoto: hapa yanamiminika, kule asubuhi yameganda kwenye chupa. Mgandamizo huyafanyia mafuta ya seli jambo linalofanana na baridi, na wanyama wa kilindini hulijibu kwa kutumia aina za mafuta zisizoganda upesi.

#7 Mwalimu Neema
Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita, na hapa naweza kuchangia. Kuna kemikali iitwayo oksidi ya trimethilamini ambayo samaki wa baharini huiweka katika misuli. Samaki anapokufa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo inayokusalimu kabla hujafika Feri. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya samaki waliovuliwa mita 7,000 katika Mfereji wa Kermadec, kaskazini mwa Nyuzilandi, wakaonyesha kwamba kiasi cha kemikali hiyo huongezeka kadiri samaki anavyoishi chini zaidi. Kazi yake ni kuisaidia protini ibaki na umbo lake mgandamizo unapoisumbua.

Jambo lililonivutia ni kwamba dawa hiyo ina gharama. Damu ya samaki wa kawaida ina chumvi pungufu kuliko bahari. Kila anapoongeza kemikali hiyo, umajimaji wake unakaribia ukolezi wa bahari, na mahesabu yanaonyesha kwamba hulingana nayo kwenye takriban mita 8,200. Akishuka chini ya hapo angehitaji kuongeza zaidi, na maji ya bahari yangeanza kumwingia mwilini. Kwa hiyo chini ya hapo hakuna samaki, ingawa wadudu wa baharini jamii ya kamba wapo hadi sakafu ya Mariana.

#8 Kijana wa Magogoni
Asante sana, Mwalimu. Kwa hiyo samaki wa chini kabisa ndiye mwenye shombo kali kuliko wote?

#9 Mwalimu Neema
Kwa mantiki hiyo, akiachwa aoze, ndiyo. Sijawahi kumnusa.

#10 Fundi wa Kamera za Kilindini
Mwalimu, kwa heshima, mpaka wako umeshavukwa. Mwaka 2022 kamera ilimpiga picha samaki kwenye mita 8,336 katika Mfereji wa Izu-Ogasawara, kusini mwa Japani, na habari ikatangazwa mwaka uliofuata. Katika safari hiyohiyo walinasa wawili kwenye mita 8,022 katika Mfereji wa Japani. Sasa mita 8,200 zinabaki kuwa mpaka wa nini?

#11 Bahari Kuu
Mpaka huo ulitajwa tangu mwanzo kama kadirio la kati ya mita 8,200 na 8,400, kwa hiyo samaki yule ameugusa lakini hajauvunja. Waliompiga picha walieleza pia kwamba maji ya mfereji ule yana joto kubwa kidogo kuliko ya Mariana, na ongezeko hilo dogo la joto huweza kumruhusu mnyama ashuke mita chache zaidi. Atakayenionyesha samaki mita 9,000 atakuwa ameiangusha hoja yote.

#12 Mtafiti wa Mtaani
Mimi naona kuna mwanya hapo. Papa ana kemikali hiyohiyo kwa wingi, tena pamoja na urea, ndiyo maana papa mkavu hunuka kama alivyo. Kama ndiyo dawa ya mgandamizo, basi papa angekuwa bingwa wa kilindi. Lakini nilisoma kwamba papa hawaonekani chini ya mita 3,000 hivi.

#13 Bahari Kuu
Hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu, na lina majibu mawili yanayopingana. Kundi moja linasema kuwa papa tayari amelingana na bahari kwa sababu ya urea, hivyo hana nafasi ya kuongeza dawa nyingi. Anaweza tu kupunguza urea na kuweka kemikali ile mahali pake, na nafasi hiyo huisha mapema. Kundi lingine linasema kemia haihusiki, bali ini lile lenye sifa ni ghali kulitengeneza, na chini ya mita 3,000 chakula hakitoshi kulilipia. Mimi naegemea la kwanza, lakini siwezi kumnyamazisha anayeshika la pili.

#14 Bibi wa Chole
Wanangu, mnazungumza ya mbali wakati mambo ya kilindini yapo hapa hapa. Utotoni, usiku usio na mwezi, tulipokuwa tunavuka kwa ngalawa, kila pondo lilipogusa maji bahari iliwaka buluu, na ukinawa mikono vidole vinameta. Na siku moja nilisahau samaki jikoni, nikaamka usiku nikamkuta anang'aa gizani. Mama alimtupa akisema ana shetani. Hao si ndio samaki wa gizani mnaowasema?

#15 Mwalimu Neema
Shikamoo, Bibi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hakuna kati yake linalotoka kilindini, ila yanafundisha jambo kuhusu kilindi. Maji yaliyowaka ni viumbe wadogo wa chembe moja wanaoelea juu ya bahari, ambao hutoa mwanga wanapotikiswa. Samaki wa jikoni aling'aa kwa sababu ya bakteria waliokua juu ya ngozi yake alipoanza kuharibika. Mama yako alifanya vyema kumtupa, hata kama shetani hakuwamo.

#16 Bahari Kuu
Marahaba za Bibi ziwafikie wote. Mwalimu ameeleza vizuri, nami naunganisha na kilindi. Yule samaki jike anayening'iniza taa mbele ya mdomo wake hawashi taa ile kwa mwili wake mwenyewe. Ndani ya taa hiyo anafuga bakteria wanaong'aa, jamaa wa wale wa jikoni kwako. Wanyama wengine wengi hujitengenezea mwanga kwa kuchanganya kemikali mbili na oksijeni, na hawa ndio wengi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 kutokana na picha za kamera katika Ghuba ya Monterey, Kalifonia, kuanzia juu hadi karibu mita 4,000, ilionyesha kwamba takriban wanyama watatu kati ya kila wanne walioonekana wakielea ni wa aina zinazotoa mwanga.

Kijana wa Magogoni aliuliza huonaje. Mwanga wa jua unaopenya chini ni wa buluu, na kufikia mita 1,000 umekwisha hata kwa macho makali. Juu ya hapo bado kuna mwanga hafifu unaotoka juu, na samaki anayeonekana kutoka chini ni kivuli cheusi juu ya buluu. Kwa hiyo wengi wana safu za taa tumboni zinazotoa mwanga uleule wa buluu, kwa kiasi kilekile, ili kivuli kipotee. Taa yao ni vazi la kujificha.

#17 Fundi wa Kamera za Kilindini
Hilo nalithibitisha kwa namna moja. Tulipozima taa zote za chombo na kukitingisha kidogo, kioo cha kamera kilionyesha vimulimuli vikipita upande huu na huu. Tulipowasha taa, tuliona maji matupu na chembe zinazoshuka kama vumbi.

#18 Kijana wa Magogoni
Na ile taa ya samaki jike ni ya kuvutia chakula kweli, au ni ya kumwita dume?

#19 Bahari Kuu
Wengi husema ni chambo, nami nakubali kwamba mahali ilipo, mbele ya meno, panasema mengi. Lakini umbo la taa hutofautiana kati ya aina na aina, madume hawana taa, na katika aina nyingi dume ni mdogo mwenye macho makubwa au pua kubwa. Hayo yanaelekea pia kwenye kutambuana. Huenda inafanya kazi zote mbili. Samaki huyu huonekana akiwa hai kwa nadra mno, kwa hiyo hoja za pande zote zinasimama juu ya maumbile zaidi kuliko vitendo vilivyoshuhudiwa.

#20 Mzee wa Kigombe
Salaam. Mimi sasa ninaishi Mbagala, lakini nilizaliwa Kigombe, Tanga, na nilivua kwa jarife la papa. Mwaka 2004 tulianza kupata samaki tusiyemjua, mzito, wa rangi ya samawati yenye madoa meupe, mwenye mapezi kama miguu. Baadaye tukaambiwa ni silikanti, na mwaka mmoja kabla yetu alikuwa amepatikana Songo Mnara, Kilwa. Mwaka 2009 eneo letu likafanywa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nyama yake ni mafuta tupu, haifai.

Nina jambo la kumwambia kijana aliyeanzisha uzi. Jarife tulilishusha mita mia moja na zaidi, kule chewa angetoka na tumbo mdomoni. Silikanti alitoka mzima, hakuvimba, macho mahali pake. Lakini hakuishi. Alikuwa anahema pale juu kwa muda, kisha anakufa hata kama hakuumia. Nilijiuliza siku zote kilichomuua ni nini.

#21 Bahari Kuu
Mzee, shikamoo, na nashukuru kwa ushahidi huu. Silikanti havimbi kwa sababu kiungo ambacho kingekuwa na hewa, kwake kimejaa mafuta. Hivyo kupanda hakumpasui. Kinachomuua ni joto na hewa. Damu yake hushika oksijeni vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 15 hivi, ambalo ndilo karibu na la mapango anayoshinda mchana. Juu kule Tanga maji yanafika nyuzi 28. Maji moto yana oksijeni kidogo, mwili uliopashwa joto unahitaji zaidi, damu inaishika vibaya, na mashavu yake ni madogo mno kwa mwili mkubwa namna ile. Anakosa pumzi ndani ya maji. Mashavu hayo yanamtosha tu kwa sababu maisha yake ni ya polepole, na matumizi yake ya oksijeni yamo katika ya chini kabisa kwa samaki.

#22 Mwalimu Neema
Na hapo ndipo tunapofika kwenye umetaboli wa polepole, yaani mwili kutumia nguvu taratibu. Darasani nasema sababu ni mbili, yaani baridi na uhaba wa chakula. Mwaka 2021 magamba ya silikanti yalichunguzwa upya kwa mwanga maalumu, mistari midogo ambayo haikuonekana zamani ikahesabiwa, na umri ambao ulidhaniwa kuwa miaka 20 hivi ukakadiriwa kufika karibu 100, na mimba kuchukua miaka mitano. Mnyama asiye na chakula kingi hupunguza mwendo.

#23 Bahari Kuu
Mwalimu, baridi ina sehemu yake, lakini kuna kipimo kinachosumbua maelezo ya chakula. Ukiondoa athari ya baridi, samaki, ngisi na kamba wanaoelea kilindini bado hutumia oksijeni kidogo sana kuliko jamaa zao wa juu. Lakini konyeza wa kilindini hawajapungua namna hiyo, ingawa nao wanapata chakula kilekile haba. Tofauti ni macho. Samaki na ngisi wa juu huonana kutoka mbali, kwa hiyo lazima wawe na misuli ya kukimbiza na kukimbia. Gizani adui haonekani mpaka awe karibu, misuli hiyo haina kazi, na mwili unaiacha. Konyeza hakuwa mkimbiaji tangu mwanzo, kwa hiyo hana cha kuacha. Maelezo hayo yalitolewa na mtafiti Childress na wenzake, nami nayaona ndiyo yenye nguvu zaidi.

#24 Mtafiti wa Mtaani
Basi silikanti anakusuta, Bahari Kuu. Ana macho makubwa, anakaa mita 150 hadi 200 na zaidi kidogo ambako mwanga upo, macho yake yamelenga rangi ya buluu hasa, na bado ni mvivu kuliko wote. Kama mwanga ndio unaomlazimisha samaki kuwa na nguvu, huyu angekuwa jodari.

#25 Bahari Kuu
Umenibana, na ninakubali kwamba ni vigumu kumweka katika maelezo yale. Ninachoweza kusema ni kwamba mchana hujificha mapangoni, usiku hutoka kuelea na mkondo akisubiri samaki wapite, hivyo hafukuzi wala hafukuzwi sana. Kipimo cha Childress kilihusu hasa wanyama wanaoelea maji ya wazi, na wanaokaa karibu na sakafu hawakuonyesha mshuko mkali vile.

#26 Mwalimu Neema
Kwa hiyo kwa silikanti tunarudi kwenye chakula haba cha mapangoni, kama nilivyosema.

#27 Mzee wa Kigombe
Mwalimu, kwenye majarife yale yaliyomnasa silikanti tulipata samaki wengine wengi, wakubwa kwa wadogo. Chakula kilikuwapo. Mimi ningeuliza kwanza kwa nini hakukitumia.